Morogoro hadi Arusha kwa njia mbili: namna ya kulisoma jedwali la umbali la atlasi

Mtu wa Unguja akifungua jedwali la umbali wa barabara kwenye atlasi ya Tanzania, jina analolitafuta mwanzo ni Zanzibar, na mara nyingi halioni. Si dharau. Jedwali lile linahesabu barabara, na baina ya bandari yetu ya Malindi, Unguja, na Dar es Salaam hakuna barabara, kuna bahari. Safari yako kwenye jedwali inaanzia pale boti inapokushusha: Dar es Salaam kwa wengi wetu, Tanga kwa baadhi ya watu wa Pemba.

Nitachukua safari moja na kuifuata mpaka mwisho. Umemfikisha kijana wako Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa gari ya kukodi, na kutoka hapo unatakiwa harusini Arusha. Ramani inakuonesha njia mbili. Ya kwanza inarudi mashariki hadi Chalinze, inageuka kaskazini kupitia Segera, Korogwe, Same na Moshi, halafu Arusha. Ya pili inakwenda magharibi hadi Dodoma, inapanda kaskazini kupitia Kondoa na Babati, kisha inaingia Arusha kwa upande wa Makuyuni. Kwa macho, zote mbili ni mzunguko mkubwa, moja kulia na moja kushoto, na mtu hawezi kuapa ipi fupi. Nimeichagua safari hii kwa sababu tofauti yake ni ndogo, na ukikosea kidogo katika kusoma jedwali, jibu linageuka juu chini.

Namba nitakazotumia nimezipeleka kwenye tano au kumi iliyo karibu ili hesabu iwe nyepesi. Jedwali lako litakuwa na namba kama 192 au 647, na zitapishana kidogo na za jedwali la mwenzako. Tumia zako.

## Kulisoma bila ya kuruka mstari

Majedwali haya yana sura mbili. Moja ni mraba mzima, majina ya miji yameandikwa juu na pembeni. Nyengine, iliyo ya kawaida zaidi, ni pembetatu inayoshuka kama ngazi, na majina yamekaa kwenye mshazari. Katika pembetatu, unatafuta mji mmoja na kufuata mlalo wake, unatafuta wa pili na kufuata safu yake ya kushuka, na pale zinapokutana ndipo penye kilomita. Ukijikuta umefika sehemu tupu ya ukurasa, badilisha: mji uliokuwa unaufuata kwa mlalo ufuate kwa safu. Morogoro hadi Arusha na Arusha hadi Morogoro ni kisanduku kimoja.

Kosa kubwa hapa ni la jicho. Maandishi ni madogo, mistari imebanana, na jicho linateleza kisanduku kimoja juu au chini bila ya mwenyewe kujua. Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka, uiweke juu ya jedwali ukingo mmoja ukienda sambamba na mlalo na mwengine sambamba na safu. Kona ikikaa kwenye kisanduku, ndiyo namba yako. Kisha ihakiki kwa mji wa tatu. Umbali wa moja kwa moja baina ya miji miwili hauwezi kuwa mkubwa kuliko kupitia mji wa tatu. Ukiona Dar–Dodoma ni 450, na Dar–Morogoro 190 ukijumlisha na Morogoro–Dodoma 260 unapata 450, umesoma sawa. Ukiona Dar–Dodoma ni 700 na hiyo jumla ni 450, umesoma kisanduku cha jirani.

Tazama pia kipimo. Atlasi za zamani ziliandika maili, na mpaka leo yapo majedwali ya mraba yanayoweka kilomita nusu moja na maili nusu ya pili, yametenganishwa na mshazari. Maili moja ni kilomita 1.609. Jaribu kwa Dar–Morogoro: ikiwa karibu 190 ni kilomita, ikiwa karibu 118 ni maili.

## Jedwali linatoa namba moja, wewe jua ni ya njia ipi

Sasa soma Morogoro–Arusha. Tuseme umepata 620. Namba hii ni ya njia moja tu kati ya zile mbili, na jedwali halisemi ni ipi. Mtengenezaji wa jedwali aliamua mwenyewe, kwa kawaida akifuata njia fupi au njia anayoiona ndiyo barabara kuu. Watu wengi huichukua namba hii kwa njia yoyote watakayoamua kupita, na hapo ndipo hesabu ya mafuta inapokosa.

Namna ya kuitambua ni kuujaribu kila mji wa katikati. Chukua mji ulioko kwenye njia ya kwanza, mfano Moshi. Morogoro–Moshi ni 540, Moshi–Arusha ni 80. Jumla 620, sawasawa na namba ya moja kwa moja. Maana yake njia iliyopimwa inapita Moshi. Chukua mji wa njia ya pili, Dodoma. Morogoro–Dodoma ni 260, Dodoma–Arusha ni 420. Jumla 680. Imezidi 620 kwa kilomita 60, kwa hiyo njia iliyopimwa haipiti Dodoma.

Hapo umepata vitu viwili kwa mara moja: 620 ni ya Segera na Moshi, na ya Dodoma ni 680. Iandike kwa penseli pembeni ya jedwali, namba pamoja na jina la njia, maana baada ya wiki mbili utakumbuka namba na utasahau ni ya wapi.

Usitarajie usawa wa kilomita moja moja. Kila namba imekatwa kufikia kilomita nzima, na kila mji umepimwa mpaka katikati yake, ilhali msafiri mara nyingi anapita ukingoni. Morogoro kwa mfano, barabara kuu za Dar, Dodoma na Iringa zinakutana Msamvu, huingii sokoni. Jumla ya vipande viwili ikizidi namba ya moja kwa moja kwa kilomita mbili au tano, ichukulie kuwa ni sawa. Ikizidi kwa 20 au 30, ama mji ule hauko njiani ama umesoma vibaya.

## Mji ulio pembeni ya njia

Sehemu hii ndiyo inayowaangusha watu, khasa sisi tunaotoka visiwani, kwa sababu miji ya bara tunayoifahamu vizuri ni ile yenye bandari.

Jedwali lina miji mikubwa tu. Chalinze na Segera ni njia panda zenye shughuli nyingi, kila dereva anazijua, lakini kwa jedwali nyingi si miji ya kuandikwa. Mtu akitaka kuijumlisha njia ya kwanza, anatafuta mji wa karibu ulioandikwa. Anaona Dar es Salaam. Anasema: Morogoro–Dar 190, Dar–Arusha 640, jumla 830. Kisha anaitazama njia ya Dodoma, 680, na anaamua kwamba Dodoma ni fupi kwa kilomita 150. Kwa hesabu yake yuko sawa kabisa. Kwa barabara amekosea, kwa sababu gari haiendi Dar, inageukia Chalinze.

Mwengine anatumia Tanga, kwa sababu Segera ni njia panda ya Tanga. Morogoro–Tanga ni 330, Tanga–Arusha ni 430, jumla 760. Bado inaonekana Dodoma ni fupi. Na bado si kweli.

Ukiangalia ziada, utaona inatoka wapi. 830 ukiondoa 620 inabaki 210, na Dar hadi Chalinze ni kiasi cha kilomita 105. 760 ukiondoa 620 inabaki 140, na Tanga hadi Segera ni kilomita 70. Kila mara ziada ni mara mbili ya kipande kinachotoka njia panda kwenda mjini, kwa sababu hesabu yako imeingia mjini na ikatoka tena kwa barabara ile ile. Jedwali halina njia ya kukwambia kwamba umerudi nyuma. Linajumlisha tu.

Kwa hiyo kabla hujajumlisha chochote, weka kidole kwenye ramani yenyewe, si kwenye jedwali, uifuate barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Mji wowote ambao kidole kinalazimika kuingia na kurudi kwa mstari ule ule, usiutumie kama kituo cha kujumlisha. Moshi inafaa. Korogwe ikiwemo inafaa pia. Dar na Tanga hazifai kwa safari hii, hata kama zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Swali linalokuja ni hili: Dodoma nayo ilizidi, kwa 60. Kwa nini tusiseme Dodoma nayo iko pembeni, kilomita 30 kutoka barabarani? Namba peke yake haiwezi kulijibu. Ramani inajibu mara moja: kutoka Morogoro kwenda Dodoma na kutoka Dodoma kwenda Babati ni barabara mbili tofauti, kidole hakirudi nyuma. Ile 60 ni tofauti ya kweli baina ya njia mbili.

## Kuipata njia panda ambayo haimo kwenye jedwali

Ile 105 ya Chalinze haikuhitaji kuandikwa popote. Inatoka kwenye jedwali lenyewe, ukitumia miji mitatu inayoizunguka njia panda. Ziko Dar, Morogoro na Moshi, na barabara zao zote tatu zinakutana Chalinze.

Jumlisha Dar–Morogoro na Dar–Moshi. Ndani ya jumla hiyo kipande cha Dar–Chalinze kimo mara mbili, na vipande vya Chalinze–Morogoro na Chalinze–Moshi vimo mara moja moja. Sasa ondoa Morogoro–Moshi, ambayo ni vile vipande viwili vya mwisho. Kinachobaki ni Dar–Chalinze mara mbili. Gawa kwa mbili.

```
(190 + 560 − 540) ÷ 2 = 105
```

Chalinze–Morogoro basi ni 190 ukiondoa 105, yaani 85. Chalinze–Moshi ni 560 ukiondoa 105, yaani 455. Segera inapatikana kwa namna hiyo hiyo, kwa Tanga, Dar na Moshi:

```
(350 + 350 − 560) ÷ 2 = 70
```

Hiyo ni Tanga–Segera. Kwa kuwa Dar–Tanga ni 350, Dar–Segera ni 280, na ukiondoa ile 105 ya Chalinze unapata Chalinze–Segera 175. Kwa visanduku vichache umeshaipata njia nzima, vipande ambavyo jedwali halikuviandika.

Hesabu hii ina sharti moja: barabara zote tatu lazima zikutane pale pale. Kwa Chalinze sharti hilo siku hizi linaweza kuvunjika. Ipo barabara ya lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, na Msata iko juu ya Chalinze kwenye barabara ya Segera. Anayetoka Dar kwenda Moshi anaweza kupita Bagamoyo asiione Chalinze kabisa. Ikiwa jedwali lako limepima Dar–Moshi kwa njia hiyo, namba itakuwa ndogo zaidi, tuseme 540, na hesabu itatoa 95 badala ya 105. Ubaya ni kwamba 95 haitishi. Inaonekana kama namba ya kweli. Ndiyo maana baada ya kuipata njia panda, ifungue ramani kwenye ukurasa wa eneo hilo. Atlasi nzuri huandika kilomita ndogo ndogo kando ya barabara, baina ya alama mbili. Zijumlishe kutoka Morogoro mpaka Chalinze. Zikikubaliana na yako kwa kilomita mbili tatu, endelea. Zikipishana kwa kumi, fuata za ramani.

## Atlasi yako ni ya mwaka gani

Jedwali linazeeka kwa namna ambayo ramani haizeeki. Kwenye ramani, barabara ya vumbi iliyotiwa lami inabadilika rangi tu. Kwenye jedwali, mtengenezaji anaweza kuwa aliikwepa ile ya vumbi akapima njia nyengine kabisa.

Safari yetu ina mfano mzuri. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo kupita Kondoa kulikuwa ni vumbi na mawe, na wakati wa mvua watu waliogopa. Mtengenezaji wa atlasi wa zama hizo alikuwa na njia tatu za kuandika Dodoma–Arusha. Akifuata mstari mfupi bila ya kujali lami, kupitia Kondoa, ni karibu 420. Akifuata lami ya Manyoni, Singida na Katesh, ni karibu 580. Akirudi Morogoro na kuzungukia Chalinze, ni 880.

Kwa hiyo usisome mwaka wa kuchapishwa peke yake. Soma kisanduku cha Dodoma–Arusha. Kikiwa na 420 na kitu, jedwali lako linafaa kwa njia ya Babati, hata kama ni la zamani. Kikiwa na 580 au 880, kisanduku hicho kiache. Ijumlishe njia ya pili kwa vipande: Morogoro–Dodoma 260, Dodoma–Babati 250, Babati–Arusha 170. Babati isipokuwemo, zichukue kilomita za kando ya barabara kwenye ramani. Jumla inarudi pale pale, 680.

Jambo hili lina upande wa pili pia. Kisanduku chenye 420 kwenye atlasi ya mwaka 2005 kinasema kweli kuhusu urefu, lakini hakisemi lolote kuhusu vumbi. Jedwali halina rangi ya lami. Kwa hilo utazame ufunguo wa ramani.

## Kilomita 60 ni nyingi au chache?

Kilomita 60 ni kama kutoka Mjini hadi Nungwi. Kwa mtu wa Unguja hiyo ni safari. Juu ya 620 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Ukigawa 680 kwa 620 unapata karibu 1.1, na namba hiyo ina maana ya moja kwa moja: njia ya Dodoma ikiruhusu mwendo wa wastani ulio mkubwa kwa asilimia 10 tu, zinafika pamoja. Ukiwa unapata wastani wa 60 kwa saa njia ya Segera, ya Dodoma inahitaji 66. Spidi sita hizo zinaweza kuliwa na foleni moja ya malori.

Kwa hiyo hesabu ya mwisho ifanywe kwa vipande, kila kipande na mwendo wake. Mwendo ninaousema ni wa wastani, sio ule unaouona kwenye dashibodi. Barabara kuu za bara zimejaa vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kibao mara nyingi kuna trafiki na tochi. Gari inayokwenda 90 baina ya vijiji, kwa siku nzima inaishia na wastani wa 60 au 65. Makadirio haya ni yangu. Dereva mwenye mguu mzito au mwepesi aweke yake.

Njia ya Segera. Morogoro–Chalinze, kilomita 85, naiwekea 50, kwa sababu malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yote yanapita kipande hicho. Inatoa saa 1.7. Chalinze–Moshi, 455, naiwekea 65, saa 7. Moshi–Arusha, 80, ni mji ukifuata mji, 50 inatosha, saa 1.6. Jumla saa 10.3, yaani saa kumi na dakika kama ishirini.

Njia ya Dodoma. Morogoro–Dodoma, 260, naiwekea 60, maana malori ya Rwanda na Burundi yanaendelea huku, ingawa yale ya Zambia yameshageukia Iringa pale Msamvu. Saa 4.3. Dodoma–Babati, 250, magari machache lakini baada ya Kondoa kuna milima na kona, 65, saa 3.9. Babati–Arusha, 170, nayo 65, saa 2.6. Jumla saa 10.8.

Tofauti ni nusu saa. Hapo tena ujiulize ni kipande gani kinachoweza kuigeuza. Ni Morogoro–Chalinze. Siku lori limelala barabarani na wastani ukashuka hadi 30, kile kipande cha kilomita 85 kinachukua saa 2.8, na njia ya Segera inafika saa 11.4. Dodoma imeshashinda kwa dakika zaidi ya thelathini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa Msamvu asubuhi ya safari si "njia gani fupi?" Umeshajua. Muulize kama Chalinze kunapitika.

Upande wa mafuta hakuna mashaka namna hiyo. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakula lita 62 kwa Segera na 68 kwa Dodoma. Lita sita uzizidishe kwa bei ya siku hiyo, na ukumbuke kwamba gari kwenye foleni inakunywa hata ikisimama.

Mimi kwa safari ya siku moja ningepita Segera, na ningeondoka Morogoro alfajiri ili nivuke Chalinze mapema. Lakini saa kumi barabarani na wazee ndani ya gari ni adhabu, na ukiamua kulala njiani mizani inabadilika. Njia ya Dodoma inakatika vizuri: 260 siku ya kwanza, 420 ya pili, na katikati una mji mkubwa wenye hoteli za kila bei. Kwa Segera, mahali pa kulala penye nafasi ya kuchagua ni Korogwe au Same, na yote ni miji midogo. Tanga ina hoteli nyingi, ila sasa unajua bei yake: Segera kwenda Tanga 70, kurudi 70, kilomita 140 za kulala tu. Ukiijumlisha na 620 unapata 760, imeshapita njia ya Dodoma.

Kwa msafiri wa Pemba aliyeshukia Tanga, mambo ni mepesi zaidi. Akitaka Arusha ni 430 na hakuna cha kulinganisha. Akitaka Dodoma, atajumlisha Tanga–Segera 70, Segera–Chalinze 175, Chalinze–Morogoro 85 na Morogoro–Dodoma 260, apate 590. Akizungukia Arusha ni 430 na 420, yaani 850. Ila kwenye ramani ataona na barabara ya tatu inayokatiza Handeni na Kibirashi kuelekea Kondoa, fupi kwa macho. Kabla ya kuipima kwa rula, atazame rangi yake kwenye ufunguo, kisha amuulize dereva aliyepita huko mvua ya mwisho.